Kona za fotifaivu kwenye fremu ya shelfu: kukata anglaini, kuchomelea, na kuhakikisha dayagono zinasema kweli

Wakuu, nimeona niandike hii kitu kwa kirefu maana kila wiki naletewa karakana fremu ya shelfu iliyotengenezwa sehemu nyingine, mwenye nayo anataka tu nimwekee mbao, na ubao ukiushusha kona tatu zinakaa vizuri ya nne inagoma. Anadhani fundi mbao ndo kakosea. Ukipima unakuta fremu yenyewe imelala upande, na mara nyingi fundi aliichukulia vipimo vya dayagono kabisa, ila alipima kwa namna ambayo haikumsaidia.

Nitatumia fremu moja tu kuelezea kila kitu, ya sentimita 120 kwa 50. Nimeichagua makusudi, na ukifika kwenye kupima utaona kwa nini. Anglaini ni ya milimita 40 kwa 40 unene 3, ile tunayoiita ya inchi moja na nusu. Fremu inakaa kama sinia: bawa moja la anglaini limelala chini likiangalia ndani, ndo ubao unapokaa, na bawa lingine limesimama nje kama kingo. Humu ndani nitakuwa nasema bawa la kulala na bawa la kusimama, na ile kona ya nje yanapokutana nitaiita mgongo. Shika hayo matatu usije ukachanganyikiwa mbele.

Kabla hujakata chochote

Pima anglaini yenyewe. Dukani wanasema 40 lakini ukiweka venia unakuta bawa moja 40 lingine 38.5, na unene wanaosema 3 unaweza kuwa mbili na nusu. Unene mdogo maana yake utatoboa wakati wa kuchoma. Upana usiolingana ni shida nyingine, kwa sababu kona ya fotifaivu inakutana vizuri tu kama mabawa ya kulala ya vipande vyote viwili yana upana mmoja. Kama mabawa yako yametofautiana, amua lipi litalala na uwe hivyohivyo kwa vipande vyote vinne, weka alama ya chaki kwenye bawa hilo urefu wote wa anglaini kabla ya kukata, maana ukishakata vipande vinafanana na utageuza kimoja bila kujua.

Weka pia skwea ndani ya anglaini, uone kama mabawa yamesimama digrii 90. Kuna anglaini zimefunguka kidogo au zimejifunga kutokana na kubebwa na kurushwa kwenye gari. Kufunguka kidogo unaweza kurekebisha kwa nyundo juu ya chuma kizito, iliyojikunja kama upinde kwa urefu mimi huwa naikata vipande vifupi vya pembeni, ile iliyonyooka naweka kwa vipande virefu.

Na kama ni ya mabati yaani imepakwa zinki, saga zinki yote itoke sentimita 3 au 4 kila upande wa kona na uchomelee nje penye upepo. Moshi mweupe wa zinki unaleta homa na kifua usiku ule ule, na kunywa maziwa hakuzuii, kinachozuia ni kutokuuvuta.

Kukata: kwanza mraba, halafu pembetatu

Wengi wanakosea hapa kwa kutaka kuokoa muda. Wanachora mstari wa fotifaivu kwenye anglaini, wanakata mara moja wakidhani mkato ule ule utatoa kona ya kipande cha kushoto na cha kulia. Hautoi. Angalia vizuri: kipande cha kushoto mgongo wake utakuwa mrefu na ukingo wa ndani mfupi, ndo tunavyotaka, lakini kipande cha kulia kitatoka kinyume, mgongo mfupi na ukingo wa ndani umechomoza. Kati ya vipande viwili lazima pembetatu itoke itupwe.

Kwa hiyo mimi nakata kila kipande mraba kwanza kwa urefu wake kamili wa nje, viwili vya milimita 1200 na viwili vya 500. Mstari unauchora kwa msumari uliochongwa au ncha ya diski iliyovunjika, chaki ni kwa ajili ya kuonekana tu, mstari wa chaki una upana wa milimita 2 na humo ndo makosa yanapoanzia. Ukizungusha skwea, anzia kwenye mgongo kwenda kila bawa, usianzie kwenye ukingo kwa sababu ukingo wa anglaini huwa hauko sawa sana.

Kata upande wa taka wa mstari. Diski nyembamba ya kukatia inakula milimita 1 hadi moja na nusu, zile nene zinakula 3, ukikata katikati ya mstari kila mara utajikuta vipande vimepishana. Anglaini ishikilie ili mkato ufunguke unapokaribia kuisha, yaani kipande kinachodondoka kiwe upande wa nje wa meza bila kitu chini yake. Ukiweka matofali mawili pande zote na ukakata katikati, chuma kitazama kibane diski, grainda itaruka. Na kava la grainda liache mahali pake, hizi diski nyembamba zikipasuka zinakuja usoni.

Sasa chukua vile vipande viwili virefu, vilaze mgongo kwa mgongo juu ya meza, sukuma ncha za upande mmoja zigonge kitu kilichonyooka, halafu pitisha kidole ncha za upande wa pili. Kidole kinasikia hata nusu milimita. Kama kimoja kimezidi kisage mpaka kidole kisisikie. Fanya hivyo na vifupi. Usiruke hii, nitakwambia baadae kwa nini dayagono bila hatua hii ni kazi bure, na haijalishi sana kama vyote viwili vimekuwa 1199, la muhimu vilingane.

Halafu ndo tunachora fotifaivu, na huhitaji skwea ya fotifaivu. Pima upana halisi wa bawa la kulala, kwetu ni 40. Kutoka ncha ya kipande, pima 40 ile ile kurudi nyuma kwenye ukingo wa ndani wa bawa la kulala, weka nukta. Unganisha hiyo nukta na ncha kabisa ya mgongo. Hapo una fotifaivu kamili, kwa sababu umerudi nyuma sawa na upana. Kama bawa lako ni 38.5 basi rudi 38.5. Fanya ncha zote mbili za kila kipande, halafu kabla ya kukata pima kutoka nukta hadi nukta kwenye ukingo wa ndani: kipande kirefu kinatakiwa kisome 1120, kifupi 420. Yaani urefu wa nje toa 40 mara mbili. Isiposoma hivyo umekosea kuchora na bado hujaharibu chochote.

Kukata pembetatu anzia ukingo wa ndani ukielekea mgongo. Diski isimame wima kwa bawa. Ukifika karibu na mgongo utagusa bawa la kusimama, simama hapo, usiendelee kulikata. Kile kipembetatu kitakuwa kimeshikwa na kama milimita 3 tu, kivunje kwa pilaizi au kimalizie kwa ncha ya diski.

Bawa la kusimama umeliacha mraba na urefu wote. Ukikutanisha vipande viwili sasa, yale mabawa ya kusimama yanagombania nafasi ile ile pale kwenye kona, kila moja lina unene wa milimita 3 na yote yanataka kufika nje. Hapa ndo watu wanachanganyikiwa wanaona fotifaivu imekataa kukutana, wanaanza kusaga kona ya chini iliyokuwa nzuri. Tatizo liko juu. Saga ncha ya bawa la kusimama kwa upande wa ndani kwa mlalo wa fotifaivu, ncha nzima kuanzia juu hadi chini, mpaka pale nje ibaki kama milimita 1 ya chuma bapa. Usiifanye kama kisu, ukali wa kisu unayeyuka mara tu moto ukigusa. Na tumia diski ya kusagia, diski nyembamba ya kukatia haikuumbwa kusukumwa kwa ubavu.

Wenye mashine ya kukatia ya mezani inayogeuka digrii 45 hawana habari na hii, mkato mmoja unapita mabawa yote pamoja na ule mlalo. Ila jaribu kwanza kwa vipande viwili vya taka, vikutanishe uweke skwea, maana ile namba iliyoandikwa kwenye mashine mara nyingi si ya kuaminiwa.

Kukutanisha bila moto

Panga vipande vinne mezani, mabawa ya kulala yamelala chini kabisa. Meza iwe bapa. Kama huna meza ya chuma, sakafu ya saruji iliyopigwa vizuri inafaa ila weka vibao vinne vya plaiwudi vinavyolingana chini ya kona, kwa sababu saruji ikipata moto wa taki, yaani vile vidoti vidogo vya weldingi vya kushikiza, inapasuka na kurusha vipande.

Angalia kila kona. Nafasi ya hadi milimita 1 ni nzuri, inasaidia moto kuingia. Kama fotifaivu inagusa ndani lakini imefunguka kwenye mgongo, saga pale ndani inapogusa. Kama inagusa kwenye mgongo imefunguka ndani, angalia kwanza ule mlalo wa bawa la kusimama, tisa kwa kumi hapo ndo panagusa. Unasaga panapogusa, nafasi iliyofunguka huifuati kwa kujaza rodi. Nafasi ya milimita 3 ukiijaza na rodi, chuma kikipoa kinavuta kweli kweli na fremu inaondoka nayo.

Taki, halafu dayagono

Rodi ninayotumia hapa ni E6013 ya milimita 2.5, mashine naiweka ampia 70 hadi 80 kwa chuma cha milimita 3. Kama umeme wako ni mdogo au una waya mrefu mwembamba wa kuunganishia, mashine itasoma 75 lakini rodi itakuwa inanata, sasa wewe utapandisha, halafu umeme ukirudi unatoboa. Bora kusogeza mashine karibu na soketi na kurefusha zile waya nene za kuchomelea.

Piga taki moja ndogo kila kona, pale nje kwenye mgongo, urefu wa milimita 5 hivi. Moja tu. Taki moja inashika lakini bado inakubali kusukumwa, na ndicho tunachotaka. Ukipiga taki tatu kila kona halafu ndo upime, umeshachelewa.

Sasa pima kona kwa kona. Fremu ya 1200 kwa 500 ina dayagono ya 1300 kamili, haina desimali:

```
1200 x 1200 = 1440000
 500 x  500 =  250000
 jumla      = 1690000
 mzizi wake = 1300
```

Ni ile ile ya tano, kumi na mbili, kumi na tatu. Waashi wanatumia tatu, nne, tano kwenye msingi na hii ni ndugu yake. Ndo maana nimewapa kipimo hiki, ukikosea kidogo unajua hapo hapo bila kalkuleta. Kwa fremu ya kipimo kingine, haina haja ya kujua dayagono ni ngapi, unachotaka ni zote mbili zilingane.

Namna ya kupima nayo ina mambo yake. Ule mdomo wa tepu haukai vizuri kwenye ncha ya kona, unateleza, na wenyewe unacheza kidogo. Usiutumie. Shika alama ya sentimita 10 kwenye ncha ya kona, mtu mwingine asome upande wa pili, halafu toa 10. Fremu yetu isome 140 kwenye tepu. Tepu ivutwe sawa mara zote mbili isilegee katikati, na isome mtu yule yule dayagono zote mbili.

Tuseme umesoma 1303 na 1297. Fremu imelala. Tofauti ni 6, lakini hausukumi 6. Ile ndefu inatakiwa ipungue 3, na fupi itaongezeka yenyewe 3, zikutane 1300. Simamisha fremu kwa kona moja ya dayagono ndefu juu ya kipande cha mbao na ubonyeze kona ya juu yake kwa mkono, au ukiwa umeilaza funga klempu ndefu kutoka kona hadi kona kwenye ile dayagono ndefu ukaze taratibu. Pitiliza kidogo maana chuma kinarudi nyuma ukiachia, ukitaka ikae 1300 vuta hadi 1299 uachie upime tena. Kabla ya kuendelea nataka tofauti isizidi milimita 1. Kujua ukubwa wa kosa: kwa fremu hii tofauti ya milimita 2 kwenye dayagono ni kama upande mrefu umeteleza milimita 1 tu kuhusu mwenzake, ubao hautalalamika. Tofauti ya 6 ni kuteleza zaidi ya 3, na hapo ubao unagoma.

Sasa ile niliyowaahidi. Dayagono kulingana haimaanishi fremu iko skwea. Nilijifunza hii kwa fremu nne za duka moja la vipuri, dayagono zote zilisoma sawa, nikachoma, nikapaka rangi, nikapeleka, mbao hazikuingia. Nikarudi nazo karakana, mzee aliyenifundisha kazi hakugusa hata dayagono. Alichukua tepu akapima upande mrefu wa mbele, akapima wa nyuma, akaniambia, "Mwanangu, hizi mbili zimepishana milimita 5, hapo hata dayagono zikilingana una ndoo, huna sanduku." Fikiria ndoo ukiiangalia ubavuni, juu pana chini pembamba, dayagono zake zinalingana kabisa na kona hakuna hata moja yenye 90. Ndo maana kule mwanzo nimesisitiza kidole kwenye ncha za vipande. Pande zinazotazamana zilingane kwanza, halafu dayagono zilingane, vikiwa viwili hivyo pamoja kona zote nne ni 90 na haina njia nyingine.

Na kuna kosa la tatu ambalo vyote viwili haviwezi kukuonesha, fremu kusokotwa, kona moja iko juu zaidi ya nyingine. Milimita 5 za kuinuka kona moja zinabadilisha dayagono kwa kiasi ambacho tepu haisomi kabisa. Bonyeza kona mojamoja mezani, ikicheza imesokotwa. Au funga nyuzi mbili kona kwa kona juu ya fremu, pale zinapokatiza katikati zinatakiwa zigusane kidogo tu. Zikiachana kona zimepishana, na kama ya juu inaiminya ya chini ni hivyo hivyo, badilisha uzi wa chini uwe juu uone.

Ukiridhika, piga taki ya pili kila kona, ndani kwenye ncha ya fotifaivu, ndogo maana hapo ndo ubao utakaa na utaisaga. Pima dayagono tena, taki ya pili huwa inavuta. Halafu chukua kipande cha nondo au flatiba ya taka, kishikize kwa taki kutoka upande mrefu hadi upande mfupi kikate kona mshazari, weka viwili kwenye kona zinazotazamana. Vitakatwa baadae, ila wakati wa kuchoma vinazuia fremu isilale.

Kuchoma

Weldingi ikipoa inajikunja kuelekea ndani, mstari wa fotifaivu unavuta vipande viwili vikaribiane. Mgongo umeshashikwa, kwa hiyo kona inajifunga inakuwa chini ya 90. Ukimaliza kona moja yote wakati nyingine tatu zina taki tu, ile moja inaamua umbo la fremu nzima. Kwa hiyo unagawa. Zipe kona majina A, B, C, D kwa chaki ukizunguka. Choma A, nenda C ambayo inatazamana nayo, rudi B, halafu D.

Naanza na mshono wa nje wa kusimama. Geuza fremu isimame ili mshono uwe umelala mbele yako, usichome wima kama unaweza kuepuka, kwa chuma cha milimita 3 kuchoma wima kunataka mkono uliozoea. Ni milimita 40 tu, pita mara moja. Zile milimita 1 ulizoacha na ule mwanya mdogo wa katikati vinaufanya moto uingie, ukiona ndani ya kona kumetokea mstari mwembamba uliovimba kidogo, umeshika vizuri. Ukiona ndani pako vile vile kama mwanzo, weldingi imekaa juu juu, na ukiisaga ile ya nje ili ipendeze utaondoa karibu yote iliyoshika.

Mishono yote minne ya nje ikiisha, acha ipoe. Usipime fremu ya moto, kipande cha mita 1.2 kikiwa na joto digrii 50 zaidi ya mwenzake kimerefuka zaidi ya nusu milimita, utasahihisha kosa ambalo litaondoka lenyewe. Ukiweza kuishika kona kwa mkono mtupu ndo upime.

Kwa kuwa mgongo sasa umevimba na weldingi, pima dayagono kwa ndani, zile ncha ambapo kingo za ndani za mabawa ya kulala zinakutana. Kwa fremu yetu hiyo inasoma 1196.

Sasa pindua fremu kichwa chini, bawa la kulala likiwa juu linakuangalia, uchome mshono wa fotifaivu kwa upande wa chini. Kwa nini chini: upande wa juu ubao unakaa, weldingi yoyote hapo lazima isagwe iwe bapa, na weldingi iliyosagwa bapa kwenye chuma cha milimita 3 imebaki nusu. Ya chini unaiacha na kifua chake, haionekani, ndo inayobeba mzigo. Bana kila kona mezani kwa klempu maana mshono wa upande mmoja unainua kona. Anzia kwenye ukingo wa ndani palipo na taki ukielekea mgongo. Ukienda kinyume, yaani umalizie kwenye ukingo, joto linakuwa halina pa kwenda, ukingo unayeyuka na kubaki na shimo la mwisho wa rodi, na nyufa zinaanzia kwenye lile shimo. Ukimaliza kwenye mgongo, tulia sekunde moja ujaze ndo uinue rodi. Mpangilio ule ule, A, C, B, D.

Gonga slagi, piga brashi ya waya, angalia vitundu. Kitundu kimoja kwenye milimita 40 ni kikubwa, kisage mpaka chini uchome tena, usipite juu yake.

Ikipoa na bado imelala

Kata vile vishikizo, pima ya mwisho. Hadi milimita 2 mimi naipitisha. Ikiwa 3 hadi 5, isimamishe kwa kona ya dayagono ndefu juu ya mbao ngumu, mwenzako ashike, gonga kona ya juu kwa nyundo ukiwa umeweka kipande cha mbao katikati, mara mbili tatu, pima, rudia. Inakubali.

Zaidi ya hapo usipigane nayo kwa nyundo. Kata mishono ya fotifaivu kwenye kona zote nne kwa diski nyembamba, acha mishono ya nje ya kusimama, hiyo inakuwa kama bawaba. Kukata kona moja hakusaidii, fremu ikilala kona mbili zimefunguka na mbili zimejifunga, lazima zote nne zigeuke. Ule upana wa diski ndo nafasi ya kona zinazotakiwa kujifunga. Vuta kwa klempu hadi dayagono zilingane, taki, pima, choma tena.

Kusaga nje, na miguu

Migongo ya nje saga kwa diski ya kusagia halafu malizia na diski ya msasa. Kama miguu ya shelfu ni anglaini ya aina hiyo hiyo inayokumbatia kona kwa nje, jua kwamba ndani ya kona ya anglaini hakuna pembe kali, kuna mviringo. Kona ya fremu ikiwa kali itakaa juu ya ule mviringo na mguu hautagusa pande zote mbili, utaona mwanga kote kuwili na mguu utacheza wakati wa taki. Kwa hiyo usiiache kona kali, izungushe kidogo kwa grainda, jaribu na kipande cha mguu mpaka mabawa yote mawili yalale. Hapa ule mshono wa nje utapungua, ndo maana nilitaka moto uingie hadi ndani.

Ubao wa fremu hii ukatwe 1190 kwa 490, nafasi ya ndani kati ya mabawa ya kusimama ni 1194 kwa 494. Paka redoksaidi kabla ya kuweka ubao, na upake hata chini ya mishono na ndani ya kona ambako brashi haipendi kufika, kutu ya shelfu inaanzia pale ubao unapolalia chuma.